Jiwe la Mita 980 kwa Sekunde

Kwa mtazamo wa kwanza grafu ilikuwa nzuri. Nukta tano zilizochongwa kwa penseli kali, mstari ulionyooka uliopigwa kwa rula, na skeli iliyotumia karibu karatasi yote. Lakini juu hapakuwa na kichwa. Mhimili wima ulikuwa na namba 1, 2, 3, 4, na mhimili mlalo 20, 40, 60, 80, 100. Ishirini ya nini? Karatasi haikusema.

Mwanafunzi huyu wa kidato cha tatu alikuwa amefanya jaribio la pendulamu: kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Alipima muda wa mibembeo 20, kwenda na kurudi, kwa nyuzi za urefu tofauti. Uzi wa sentimita 20 ulichukua sekunde 18.0, na wa sentimita 100 ukachukua sekunde 40.1. Akagawanya kwa 20 kupata muda wa mbembeo mmoja, T, akaukokotoa mraba wake, kisha akachora T² dhidi ya urefu wa uzi, l. Mteremko wa mstari huo ni sawa na 4π² ikigawanywa kwa g, na g ndicho tulichokuwa tunakitafuta: kiasi ambacho mwendokasi wa kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde.

Chini ya grafu aliandika: g = 980 m/s².

Ningeweza kuandika "vizio?" kwa wino mwekundu na kufungua daftari linalofuata. Nimefanya hivyo miaka mingi, na neno hilo halijawahi kumfundisha mtu. Mwanafunzi huongeza "cm" pembeni na kuendelea kuamini kwamba mwalimu anapenda mapambo. Safari hii niliandika hivi, kwa Kiswahili ingawa somo letu ni la Kiingereza, ili lugha isije ikawa kizuizi kingine:

"Nukta zako ziko mahali pake na mstari umepita vizuri katikati yake. Sasa soma jibu lako. Ukidondosha jiwe, baada ya sekunde moja litakuwa na mwendo wa mita 980 kwa sekunde, karibu mara tatu ya mwendo wa sauti. Unaamini? Hesabu yako ya kugawanya haina kosa. Rudi kwenye mhimili mlalo, uniambie 20 ni ishirini ya nini. Kisha andika upya mteremko ukiwa na vizio vyake. Kichwa nacho kiwekwe, ili rafiki yako ambaye hakuwepo maabara ajue ulichokipima."

Kosa lilijificha kwenye mteremko. Alichagua sehemu mbili kwenye mstari, moja penye urefu 30 na nyingine 90. Kwa wima mstari ulipanda kutoka 1.20 hadi 3.62. Tofauti ya wima, 2.42, akaigawa kwa 60, akapata 0.0403. Ukigawa 4π², yaani 39.5 hivi, kwa 0.0403, unapata 980. Namba ni sahihi kabisa, ila ni sentimita. Kwa kuwa mhimili ulikuwa kimya, alipofika mwisho alikumbuka tu kwamba g huandikwa kwa m/s², akaibandika. Sentimita 980 ni mita 9.8, jibu tunalolijua.

Sidhani ni uzembe. Jedwali lake lilikuwa na vizio vyote kwenye vichwa vya safu, kwa hiyo alidhani ameshamaliza kazi hiyo. Na kwenye hisabati huchora x na y kila wiki bila kizio chochote, wala haulizwi.

Kuna mahali ambapo mhimili usio na kizio ni sahihi, na sisi walimu tunapaswa kuzuia kalamu. Katika jaribio la mwanga kupinda ndani ya kioo, tunachora saini ya pembe moja dhidi ya saini ya nyingine. Saini ni urefu uliogawanywa kwa urefu, vizio vinajifuta vyenyewe.

Kuhusu kichwa, "Grafu ya pendulamu" hakitoshi. Kinachofaa ni kama "Mraba wa muda wa mbembeo dhidi ya urefu wa uzi": cha wima hutajwa kwanza, cha mlalo baadaye.

Aliirudisha siku mbili baadaye. Kichwa kipo, mhimili mlalo umeandikwa l (cm), na jibu ni 9.8. Kwenye mhimili wima ameandika T² (s). Nikamwandikia mstari mmoja tu: "Ukiacha s bila mraba, vizio vya g vitatoka cm/s. Hicho ni kipimo cha nini?" Alikuja mwenyewe ofisini mchana, daftari mkononi. "Mwalimu, huo ni mwendokasi."