Barua ya mwisho kwa mteja asiyelipa

Mwenye duka la uchapishaji Nairobi alipeleka kalenda 600 mwezi wa Novemba. Ankara ya shilingi 186,000 ilikuwa ya siku 30. Mteja akatoa 60,000, halafu kimya. Simu zikawa hazishikwi, na ikishikwa ni ile ile: “Mhasibu yuko safarini.”

Mfano huu nimeubuni, ila mfanyabiashara gani hajakutana na mhasibu huyo?

Sasa ni tarehe 4 Machi 2026. Ujumbe wa upole umeshakwenda mara tatu, na wa nne hauhitaji hasira. Unahitaji kuandikwa ukimkumbuka msomaji ambaye bado hayupo, yaani hakimu. Yeye hajui mlivyozoeana, wala simu ulizopiga hakuzisikia. Atakachokiona ni maandishi tu:

*Kuhusu: Madai ya mwisho, ankara namba 0147, Sh126,000*

*Bwana Mkurugenzi,*

*Tarehe 12 Novemba 2025 tulikuletea kalenda 600 na hati ya kupokea mzigo ikatiwa sahihi. Malipo yalipaswa kukamilika tarehe 12 Desemba. Umelipa Sh60,000, salio la Sh126,000 limechelewa siku 82.*

*Tafadhali lipa salio lote kabla ya saa kumi jioni, Jumatano tarehe 18 Machi 2026. Pasipo malipo wala makubaliano ya maandishi kufikia hapo, tutafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo tarehe 19 Machi, bila ilani nyingine.*

*Kama kuna kiasi unachokipinga, tujulishe ni kipi na kwa nini.*

Ankara, oda na hati ile yenye sahihi huambatishwa.

Mahakama hiyo Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Ndiyo maana tishio hili lina uzito: mdaiwa anajua linatekelezeka. Ukiandika “tutachukua hatua kali za kisheria”, amekwisha kuizoea lugha hiyo. Polisi nao wasitajwe. Deni la biashara ni la madai, si jinai, na kumtishia mtu seli kutakuharibia wewe.

Sentensi ya mwisho ya barua wengi huiacha, wakiona inampa mdaiwa mwanya. Mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Akijibu “tunajua tunadaiwa, tupeni hadi mwisho wa mwezi”, amekiri deni kwa maandishi, na baadaye itakuwa vigumu kwake kusema kalenda zilikuwa mbovu. Akitaja kasoro, umeijua mapema, kabla hujalipia ada ya kufungua kesi.

Akiomba kulipa kidogo kidogo, mjibu siku hiyo hiyo kwa tarehe na kiasi cha kila awamu, na uongeze kwamba akiruka awamu moja salio lote linadaiwa mara moja. Asipojibu kabisa, tarehe 19 asubuhi uwe mahakamani. Ukimwandikia tena “kwa mara ya mwisho kabisa”, tarehe zako zote hazitaaminika tena.