Insulini Imefika, Githeri Bado Iko Tumboni

Kama unajidunga insulini kabla ya kula, hii huenda imeshakupata. Jamaa mmoja wa mtaani kwetu, miaka 26, amekuwa na kisukari tangu akiwa shule ya msingi. Siku moja saa mbili usiku alijidunga dozi yake ya kawaida, akala githeri na avokado. Hesabu alipiga poa. Saa tatu jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, kipimo kikasoma 3.1. Akanywa soda, akatulia, akalala. Saa nane usiku akaamka na kiu ya ajabu: 17. Asubuhi akatapika, na maharagwe ya jana yakatoka karibu mazima.

Usicheke. Hayo maharagwe ndiyo yaliyomfanya daktari ashuku shida yenyewe, gastroparesisi, yaani tumbo linalochelewa kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, huharibu neva ya vagasi, ile inayoliambia tumbo libane.

Sasa ona mchezo ulivyo. Insulini ya chakula huanza kazi kwa kama dakika 15, na nguvu yake hupanda kati ya saa moja na mbili. Githeri ya jamaa ilikuwa bado imekaa tumboni, kwa hivyo insulini ikakosa cha kushughulikia, ikashusha sukari iliyokuwa kwenye damu. Chakula kilipoanza kuingia kwenye damu usiku wa manane, insulini ilikuwa imeisha. Na kesho usitegemee saa zilezile, kwa sababu sukari ikiwa juu, hiyo yenyewe hulifanya tumbo lizembee zaidi.

Daktari alimhamishia sindano hadi baada ya kula, huku akipima sukari mara nyingi zaidi. Wengine hugawanyiwa dozi mara mbili. Hii usijipangie mwenyewe, tafadhali, maana kila tumbo lina saa zake.

Kwa sahani, mambo yalibadilika zaidi. Maganda ya mahindi na maharagwe ni magumu kusagika, na mafuta hulichelewesha tumbo, kwa hivyo githeri, chipsi na avokado nyingi zilipunguzwa. (Ndiyo, ule ushauri wa kula nyuzinyuzi kwa wingi hapa unageuka.) Anakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji laini, viazi vya kupondwa, mayai, samaki, supu iliyosagwa kwa blenda. Vitu vya majimaji hupita haraka kuliko vigumu, ndiyo maana sukari ikishuka anashika soda yenye sukari, si biskuti. Akimaliza kula halali. Anatembea hadi steji na kurudi.

Neva haijapona. Lakini akitapika siku nzima bila kushikilia hata maji, hangoji kliniki ya mwezi ujao, anaenda hospitali siku hiyohiyo.