Karatasi ya Maabara na Damu ya Mjamzito

Tangu wiki za mwanzo za ujauzito mishipa ya damu hulegea na kutanuka, nazo figo huanza kubakiza chumvi na maji mwilini. Kwa hiyo sehemu ya maji ya damu, yaani plazma, huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50 kufikia miezi ya mwisho. Chembe nyekundu huongezeka pia, ila kwa asilimia 20 hadi 30 tu. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa: mama ana damu nyingi kuliko zamani, lakini wekundu wa damu umeshuka. Kipimo hicho huonyesha himoglobini iliyomo katika kila desilita, na kila desilita sasa ina maji zaidi.

Figo nazo hupokea damu nyingi zaidi, na uchujaji wake hupanda kwa karibu nusu. Kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, huondolewa upesi, hivyo kiasi chake katika damu hupungua.

Tuseme mjamzito wa wiki 24 amepata wekundu wa damu 10.8 na kreatinini mikromoli 88 kwa lita. Mashine iliyopangwa kwa wanawake wasio wajawazito, ambao kiwango chao cha chini cha wekundu ni 12, itaweka alama ya hatari kwenye 10.8 na kuiacha 88 bila alama. Ukweli ni kinyume chake. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu katika miezi mitatu ya kati kuanzia chini ya 10.5, kwa hiyo 10.8 inakubalika. Lakini kreatinini ya mjamzito kwa kawaida huwa karibu 50, na ikizidi 77 figo zichunguzwe. Mama huyu apimwe shinikizo la damu na protini kwenye mkojo, na majibu yake ya kabla ya ujauzito yatafutwe, maana huenda figo zilikuwa na kasoro tangu zamani. Kosa la aina hii ni baya kwa sababu halionekani: karatasi haina alama, na mama anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Katika kupumua, homoni ya projesteroni huchochea ubongo, na kila pumzi huwa kubwa zaidi ingawa idadi ya pumzi kwa dakika haibadiliki sana. Mama anaweza kuhisi pumzi fupi hata akiwa mzima. Kaboni dioksidi katika damu ya ateri hushuka kutoka milimita 40 za zebaki hadi karibu 30, na figo hutoa bikaboneti ili uwiano wa asidi usivurugike. Ndiyo maana bikaboneti ya 20 si ugonjwa kwake. Mjamzito aliyebanwa na pumu akipimwa na kukutwa na kaboni dioksidi ya 40, namba hiyo ya kawaida kwa wengine humaanisha kwamba ameanza kuchoka kupumua, na anahitaji msaada wa haraka.