Sweta Huharibika Kwenye Karatasi

Shangazi aliinua mkono kushusha sufuria rafuni, na sweta yote ikapanda naye mpaka kiunoni. Ilikuwa Julai, Njombe, baridi ya kukunja vidole, na sweta hiyo nilikuwa nimeifuma kwa majuma sita. "Mwanangu, imenikaa vizuri kifuani," alisema, "lakini nikiinua mkono tu, inapanda yote." Nikaipima upya. Kifua kilikuwa kama karatasi ilivyosema, urefu kadhalika, na sikuwa nimeruka mstari hata mmoja. Nilipoketi na karatasi ya maelekezo na penseli, robo saa ilitosha kuona kwamba kasoro ilikuwapo tangu kabla sijanunua uzi.

Karatasi hiyo ninayo bado, na ndiyo nitakayoitumia hapa, maana ilibeba kasoro za aina mbili ambazo mfumaji hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ni kosa la hesabu: namba moja haipatani na nyingine. Ya pili ni udhaifu wa kupandisha saizi: namba zinapatana zote, ila nguo zinayoitengeneza haiendani na mwili wa mtu wa saizi hiyo. Mtunzi kwa kawaida hufuma saizi moja, kisha huhesabu zilizobaki mezani. Saizi ya kwenye picha mara nyingi huwa salama. Za pembeni, hasa kubwa, ndizo za kuchunguza.

Maelekezo yanayofaa saizi nyingi huandikwa kwa mabano. Namba ya nje ni ya saizi ndogo kabisa, na zilizo ndani ya mabano ni za saizi zinazofuata kwa mpangilio. Sweta yangu ilikuwa ya raglani, yaani ile inayoanzia shingoni na kushuka, yenye mistari minne ya mshazari kutoka shingoni hadi makwapani. Ilikuwa na saizi tano, na kifua cha sweta kikiwa sentimita 90 (100, 110, 120, 130). Kipimo cha ufumaji kilikuwa vitanzi 20 na mistari 28 kwa kila sentimita 10. Hapo unapata namba mbili za kushika kichwani: vitanzi 2 ni sentimita moja ya upana, na mistari 2.8 ni sentimita moja ya urefu. Ukiwa nazo hizo, kila namba kwenye karatasi unaweza kuigeuza kuwa kipimo cha nguo.

Sehemu ya juu ilielekezwa hivi. Anzisha vitanzi 88 (96, 100, 108, 112). Fuma mstari wa kuongeza vitanzi 8, ufuatwe na mstari mtupu, na urudie hivyo mara 25 (29, 33, 37, 41). Mwishoni uwe na vitanzi 288 (328, 356, 404, 440).

Kabla ya kuzidisha chochote, mimi sasa huanza kwa kutoa. Nachukua mfululizo wa saizi na kuandika tofauti kati ya kila namba na jirani yake. Kwenye vitanzi vya mwisho, tofauti ni 40, 28, 48, 36. Sweta inayopanuka sentimita 10 kila saizi haina sababu ya kuruka 28 mara hii na 48 mara inayofuata. Angalia pia kwamba ruko dogo na ruko kubwa vimekaa pande mbili za namba ileile, 356. Namba moja ikikosewa katikati ya mfululizo, tofauti iliyo kabla yake hupungua na inayofuata huongezeka, au kinyume chake. Hiyo ni saizi ya tatu, na hapo ndipo pa kuzidisha: mara 33 kwa vitanzi 8 ni 264, ukiongeza 100 vya mwanzo unapata 364. Karatasi ilisema 356. Vimepungua vitanzi vinane, yaani mstari mmoja kamili wa kuongeza.

Sasa lipi ni kweli? Inawezekana 33 ni sahihi na jumla imekosewa, na inawezekana jumla ni sahihi na mara zilipaswa kuwa 32. Wengi hukisia hapa, wakafuma, wakagundua baadaye. Usikisie, soma mbele, utafute shahidi wa tatu. Karatasi ilisema kwamba baada ya kutenga mikono, kiwiliwili cha saizi ya tatu kiwe na vitanzi 220. Mbele na nyuma zilianza na vitanzi 36 kila moja. Kila mstari wa kuongeza huipa kila upande vitanzi 2, na kila kwapa huongezewa vitanzi 8. Kwa mara 33, kila upande unakuwa na 36 na 66, yaani 102. Pande mbili ni 204, na makwapa mawili ni 16, jumla 220. Kwa mara 32 ungepata 216. Kwa hiyo mara 33 ndiyo sahihi, na 356 ni makosa ya kuandika. Nikaikata kwa penseli, nikaandika 364.

Mfumaji wa saizi ya tatu angehangaika jioni nzima akihesabu upya vitanzi ambavyo havina tatizo, na pengine angefumua kazi nzuri. Inaniuma nikifikiria ni wangapi wamefanya hivyo na kujilaumu wenyewe.

Mimi lakini nilifuma saizi ya tano, na kwenye saizi ya tano hesabu zote zilipatana. Mara 41 kwa 8 ni 328, na 112 za mwanzo, unapata 440. Kiwiliwili kilitoka vitanzi 260, yaani sentimita 130, kama mchoro wa vipimo ulivyoonyesha. Mchoro huo ni ile picha ndogo ya sweta iliyolazwa, yenye mishale na vipimo, na wengi tunauruka tukitafuta pa kuanzia. Tukiusoma, tunasoma kifua tu. Mimi nilifanya hivyohivyo.

Vipimo viwili vilivyonikosesha vilikuwa palepale: upana wa mkono juu, na kina cha bega, yaani kutoka shingoni hadi kwapani. Mkono wa saizi ya tano ulianza na vitanzi 16, ukaongezewa 82, na kwapa likaleta 8. Jumla 106, yaani sentimita 53. Mkono wa shangazi nilikuja kuupima: sentimita 40. Mkono wa sweta ya kawaida unahitaji nafasi ya sentimita tano hivi, basi 45 ingetosha kabisa. Kina cha bega kilikuwa mistari 82, yaani zaidi kidogo ya sentimita 29. Kwa shangazi, kutoka shingoni hadi usawa wa kwapa ni sentimita 24. Kwapa la sweta lilikuwa limening'inia sentimita tano chini ya kwapa lake, na ndiyo sababu mkono ukipanda ulivuta kiwiliwili kizima.

Chanzo chake kimo ndani ya raglani yenyewe. Kila mstari wa kuongeza hutoa vitanzi 2 kwa mbele, 2 kwa nyuma na 2 kwa kila mkono. Kifua hakiwezi kupanuka bila mikono kupanuka vilevile, na kila upana unaouongeza unaulipia kwa urefu wa bega. Mwili haukui hivyo. Jedwali la vipimo la Craft Yarn Council la Marekani, ambalo watunzi wengi hulitumia, linaweka mkono wa sentimita 26 kwa mwanamke mwenye kifua cha 81 hadi 86, na 39.5 kwa mwenye kifua cha 122 hadi 127. Kifua kimeongezeka sentimita 41, mkono 13.5 tu, karibu theluthi. Kwenye karatasi yangu mkono ulitoka 35 hadi 53, yaani umeongezeka 18, na bega lilirefuka karibu sentimita tatu kwa kila saizi.

Dalili ya udhaifu huu huonekana hata bila kikokotoo. Vitanzi vya kwapani vilikuwa 8 kwa saizi zote tano, namba moja isiyo na mabano. Mtu mwenye kifua cha 120 ana kwapa pana kuliko mwenye 80, na mtunzi makini huanza kurekebisha hapohapo. Ukiona namba moja inatumika kwa saizi zote mahali ambapo mwili hubadilika, simama. Tena, karatasi isiyo na mchoro kabisa, au yenye mchoro wa kifua na urefu pekee, mimi siinunulii uzi kabla sijauchora mwenyewe kutokana na vitanzi.

Nilifumua sweta ya shangazi hadi karibu na shingo, nikaipanga upya. Kwapani niliweka vitanzi 16. Mbele na nyuma niliongeza mara 37, mikono mara 29 tu, maana yake katika mistari minane ya kuongeza niliiacha mikono bila kuigusa. Hesabu ya kiwiliwili: vitanzi 40 vya mwanzo na 74 ni 114, pande mbili 228, makwapa 32, jumla 260 kama awali. Mkono: 16, 58 na 16, jumla 90, sentimita 45. Bega lilikuwa mistari 74, sentimita 26 na kidogo.

Kulikuwa na jambo jingine chini zaidi, ambalo sikufika kuliona mara ya kwanza kwa sababu nilifuma mkono kwa macho. Karatasi ilisema mkono upunguzwe vitanzi 2 kila mstari wa 6, saizi zote, mpaka vibaki 40 kwa saizi ya kwanza na 48 kwa ya tano. Saizi ya kwanza inatoka 70, kwa hiyo inapunguza mara 15, mistari 90, sentimita 32. Inatosha ndani ya mkono wa sentimita 44. Saizi ya tano inatoka 106, mara 29, mistari 174, na hiyo ni sentimita 62. Mchoro wa karatasi hiyohiyo ulisema mkono ni sentimita 44.

Yote haya yanasimama juu ya kipimo cha ufumaji, na hapo karatasi haiwezi kukusaidia. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke kikiwa kimelala, ndipo uhesabu katikati yake. Kipande kikitoa vitanzi 19 badala ya 20, vitanzi 260 vinakuwa sentimita karibu 137, na sweta sahihi inageuka kubwa. Ukishapata kosa la wazi, tafuta ukurasa wa masahihisho wa mtunzi kabla ya kurekebisha mwenyewe, na kama halimo mwandikie, ukimtajia saizi, mstari na hesabu yako. Niliyemwandikia mimi alijibu baada ya siku mbili: 364 aliikubali mara moja. Kuhusu kwapa aliniuliza shangazi ana kipimo gani cha mkono.