Buluu Haimfai Mtu Mweusi? Kweli na Uongo Kuhusu Aishedo

Dai linalosikika zaidi saluni ni hili: mwenye ngozi nyeusi asipake aishedo ya buluu.

Si kweli. Tena kwa wengi wetu wenye macho ya kahawia iliyokolea, hiyo ndiyo rangi ya kujaribu kwanza. Kahawia, ukiichunguza, ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, na rangi inayokabiliana na chungwa ni buluu. Rangi mbili zinazokabiliana zikikaa karibu, kila moja huifanya nyingine ionekane imekolea zaidi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alilieleza jambo hilo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1839.

Lakini uvumi huu una chanzo. Buluu iliyowaharibia wengi ni ile ya mawingu, buluu iliyopauka. Ili rangi ipauke, poda yake huongezwa unga mweupe, mara nyingi titani dioksidi. Juu ya ngozi nyeupe weupe ule hauonekani. Juu ya ngozi nyeusi unabaki juu kama jivu, na jicho linaonekana limechoka. Kosa ni la weupe uliofichwa ndani ya poda, si la buluu.

Tuseme dada ana ngozi nyeusi yenye wekundu kwa mbali, na macho ambayo ndani ya nyumba huonekana meusi kabisa. Aanze kwa kufuta mafuta kwenye kope, kisha apake konsila kidogo sana yenye rangi ya ngozi yake. Ikiwa nyepesi kuliko ngozi, jivu litarudi kwa mlango wa nyuma. Juu yake achore kwa penseli ya buluu nzito, ile inayokaribia nili, kuanzia kwenye mzizi wa nywele za kope hadi katikati ya kope, na aisambaze kwa kidole kabla haijakauka. Hapo ndipo poda ya buluu kali inafuata, kwa kuigandamiza kidogo kidogo. Akiiburuta kwa brashi itatawanyika, na ngozi itaonekana chini yake. Ukingo wa juu aulainishe kwa kahawia yenye joto, iliyo nyeusi kidogo kuliko ngozi yake.

Kisha asogee dirishani, maana taa ya manjano ya chumbani hudanganya. Akiona duara la kijivu pale buluu inapoishia, poda ile ina weupe mwingi, na kuongeza tabaka hakutaiponya. Dada yake mwenye rangi ya maji ya kunde hahitaji kazi yote hiyo: buluu ileile ikijaa kope lake itameza uso, na mstari mnene kando ya nywele za kope unatosha.

Macho ya kahawia hupokea rangi yoyote?

Nusu kweli. Jicho hupokea, kope ndilo linalochagua. Rangi unayoiona kwenye kopo si ile utakayokuwa nayo usoni, kwa sababu ngozi iliyo chini huibadilisha. Dhahabu nyepesi inayong'aa vizuri kwenye maji ya kunde inaweza kugeuka chaki kwenye ngozi nyeusi zaidi, ambako shaba na dhahabu nzito hufanya kazi ile vizuri zaidi. Kwa hiyo jaribu juu ya kope lenyewe, si nyuma ya kiganja.

Mwenye macho ya hazeli apake kijani ili kijani cha macho kitokeze?

Mara nyingi si kweli. Macho haya yana kahawia, dhahabu na kijani kwa pamoja, na kijani chake ni hafifu. Ukikizungushia kijani kikali cha poda, kinashindwa na kuonekana tope. Kinachokiita nje ni damu ya mzee, kwa kuwa wekundu hukabiliana na kijani. Zambarau nayo huinua ile dhahabu, kwani inakabiliana na manjano. Kwenye ngozi nyeusi chagua zambarau ya biringani. Ile ya maua iliyopauka ina ugonjwa uleule wa buluu ya mawingu. Mwenye ngozi nyeupe apake biringani hiyohiyo, ila kwa wepesi.

Rangi zenye wekundu humfanya mtu aonekane mgonjwa?

Kweli, zikigusa mzizi wa nywele za kope. Hapo wekundu wa poda huungana na wekundu wa nyama ya jicho. Weka mstari wa wanja mweusi kati ya poda na jicho na tatizo linapungua sana. Siku ambayo macho yenyewe ni mekundu kwa kukosa usingizi au kwa moshi wa jikoni, iache damu ya mzee kabisa na uchukue ile buluu nzito: karibu nayo, weupe wa jicho huonekana safi zaidi.