Joto Lisilogeuka Kazi

Chukua mtambo wa mvuke wa ardhini kama ile ya Olkaria, karibu na Naivasha. Tuseme mvuke unaingia kwenye tabo ukiwa na nyuzi 150 za Selsiasi, na unapozwa hadi nyuzi 45. Je, joto hilo lote laweza kuwa umeme? Haiwezekani. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba kikomo kinategemea halijoto hizo mbili tu, hata fundi awe hodari vipi.

Hesabu yake ni fupi. Ongeza 273 kwa kila moja upate Kelvini: 423 na 318. Gawanya 318 kwa 423, kisha toa jibu kwenye 1. Inabaki robo, yaani asilimia 25.

Mitambo halisi ya aina hii hupata karibu nusu ya hapo. Msuguano unachangia, na matone ya maji hupunguza nguvu ya tabo. Lakini kiini ni haraka. Kikomo cha Carnot kinataka joto lihame bila tofauti ya halijoto, polepole kupita kiasi, na mtambo wa namna hiyo hauwashi hata taa moja. Anayetaka umeme leo lazima akubali hasara.