Kwa Nini Kahawa ya Chupa Huwa Chachu

Kahawa iliyotiwa kwenye chupa ya chai saa moja asubuhi, ikifika saa nne bado inafuka mvuke, lakini si ile tena. Harufu imefifia na uchachu umejitokeza. Wengi hudhani imechacha kama uji uliolala. Sivyo: kwa joto la nyuzi 70, vijidudu vya kuchachusha haviwezi kustawi. Kinachofanya kazi humo ni maji na joto.

Mambo huanzia kwenye kikaango. Buni mbichi ina asidi nyingi ya klorojeniki. Ikikaangwa kwa nyuzi 200 hivi, sehemu ya asidi hiyo huvunjika na kutoa asidi ya kwiniki. Joto hilohilo hunyang'anya baadhi ya asidi hizi maji yake, zikajifunga kuwa pete ziitwazo laktoni. Laktoni si chachu, ni chungu, na zinachangia ule uchungu unaopendwa kwenye kahawa. Tatizo ni kwamba zilifungwa kwa kupoteza maji, na sasa zimezamishwa kwenye maji ya moto. Maji hurudi polepole, pete hufunguka, asidi inazaliwa upya. Kahawa mpya huwa na pH ya 5 hivi. Ikikaa kwenye moto inashuka. Mshuko huo ni mdogo kwa kipimo, lakini ulimi huutambua.

Harufu nayo ina njia mbili za kupotea. Sehemu yake hupanda na mvuke, na hiyo kifuniko kinaweza kuizuia. Lakini harufu hasa ya buni iliyokaangwa hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali yenye salfa, furfurilthioli, na hii haihitaji kutoroka. Hunaswa na melanoidini, zile chembe za kahawia zinazoipa kahawa rangi yake, ikabaki ndani ya kinywaji bila kufika puani. Ndiyo maana hata chupa iliyofungwa barabara haiiokoi.

Kwa hiyo chupa, kwa kutunza joto, inatunza pia uharibifu. Kupasha upya kahawa iliyopoa huongeza mambo mawili: mvuke mpya unaondoka na harufu iliyosalia, na pete zilizobaki zinafunguka kwa kasi. Anayeiacha ichemke sufuriani ndiye anayeiumiza zaidi.

Jaribu hivi. Gawa kahawa mpya mafungu mawili. Moja litie kwenye chupa ya chai. Jingine kwenye gudulia lenye kifuniko, ulipoze haraka ndani ya maji baridi. Baada ya saa tatu, pasha la pili taratibu bila kulichemsha, kisha onja yote mawili yakiwa na joto sawa, maana kahawa iliyopoa hudhihirisha uchachu zaidi. Lililopozwa litakuwa limepoteza harufu, lakini uchachu wake kwa kawaida ni mdogo. Kafeini haijabadilika katika lolote kati ya hayo mawili.